Ubao Nilioushusha: Lengo la Mwezi na Tathmini ya Haki Saluni

(Maneno niliyozungumza mbele ya wenye saluni na vinyozi hapa Mtwara. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.)

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Wageni wetu mliotoka Lindi, Masasi na Newala, poleni na safari.

Nimeombwa niseme namna ya kuwawekea wafanyakazi wa saluni malengo ya mwezi bila kuwagombanisha. Nadhani nimeombwa mimi kwa sababu ndiye niliyewagombanisha wangu kuliko wote humu ndani. Basi nianzie hapo.

Novemba 2023 pesa za korosho zilikuwa zimeanza kuingia mifukoni, saluni yangu pale Chikongola inajaa kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki. Nikaona huu ndio wakati wa kuwachangamsha wasichana. Nikanunua ubao mweupe, nikautundika juu ya kioo kikubwa, nikaandika majina manne na mbele ya kila jina idadi ya vichwa. Wa kwanza mwisho wa mwezi anachukua shilingi elfu hamsini. Wa mwisho hapati kitu, na jina lake linabaki pale chini wateja wanalisoma.

Wiki ya kwanza nilijiona nina akili sana. Wiki ya pili nikaanza kusikia vitu. Mteja hajavua viatu mlangoni, wawili wameshamshika mkono, mmoja kulia mmoja kushoto. Kitana cha mkia kinapotea asubuhi, jioni kinaonekana kwenye pochi ya mtu. Msusi akiomba ashikiwe kichwa upande wa pili ili amalize mapema, hakuna anayemsikia, maana kichwa kile kitaandikwa kwa msusi na wa kumsaidia hapati alama. Zamani walikuwa wanasaidiana bila hata kuombwa.

Halafu ikatokea ya tatu, ambayo sitaisahau. Mama mmoja alikuja kuweka dawa. Ninyi mnaijua kazi: unapaka mafuta mazito kwenye ngozi, unaweka dawa kwenye mizizi, unaangalia saa, unasuuza kwa maji mengi, kisha shampuu ya kukata dawa. Ile shampuu tunayotumia sisi ina alama yake. Dawa ikiwa bado imebaki kichwani, povu linatoka la rangi ya waridi. Unaosha tena na tena mpaka povu liwe jeupe. Siku ile yule dada aliosha mara moja, povu bado la waridi, akamfunga mama wa watu taulo, kwa sababu mlangoni ameingia mteja mwingine na mwenzake amekaa tayari kumdaka. Kesho yake mama akarudi na kidonda kisogoni, upana wa sarafu.

Nilimuuliza yule dada kama hakuliona povu. Akaniambia, "Mama, nililiona. Lakini nilikuwa nimepitwa vichwa viwili."

Yule dada alikuwa anafanya kazi na mimi mwaka wa nne, hajawahi kumchoma mtu. Aliyemchoma mteja ni ubao wangu. Niliushusha jioni ileile, na mama yule nilimtibia kwa gharama yangu mpaka akapona.

Sasa niwaeleze kwa nini ubao ule ulikuwa na dhuluma ndani yake hata kama pasingekuwa na kidonda. Tuchukue watu wawili, msusi na dada wa dawa. Msusi anasuka rasta za shilingi elfu thelathini, mteja amekuja na nywele zake, na kazi inamla saa sita. Dada wa dawa anatoza elfu ishirini, ukitoa dawa, shampuu na mafuta ya kama elfu tano, inabaki elfu kumi na tano, na kazi imechukua saa moja na nusu. Maana yake msusi akiwa kazini analeta elfu tano kwa saa, na dada wa dawa analeta elfu kumi kwa saa. Ukihesabu vichwa, msusi yuko chini. Ukihesabu pesa, yuko chini vilevile. Anaweza kuvunjika mgongo mwezi mzima na bado asimfikie mwenzake, kwa sababu walichotofautiana ni aina ya kazi, na aina ya kazi ulimpangia wewe mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha ni mtu wa kulinganishwa naye. Kila mmoja sasa analinganishwa na yeye mwenyewe. Nilichukua daftari la Julai, Agosti na Septemba, miezi ambayo haina sikukuu kubwa wala minada ya korosho. Msusi wangu alikuwa ameingiza 610,000, kisha 640,000, kisha 610,000. Wastani 620,000. Lengo lake nikaliweka 630,000. Najua wengine mtacheka, mtasema elfu kumi ni nyongeza gani. Lakini mtu ambaye miezi mitatu amezunguka palepale, ukimwambia laki nane, siku ya tano ya mwezi ameshajua hafiki, na kuanzia hapo halitazami tena lengo lako.

Halafu lengo lile nikaligawa kwa saa. Sisi tunafanya kazi saa 45 kwa wiki kwa zamu, ambacho ndicho kiwango cha sheria kabla ya saa za ziada. Kwa wiki nne ni saa 180. Gawa 630,000 kwa 180, unapata 3,500. Hiyo ndiyo namba ya msusi wangu: shilingi 3,500 kwa kila saa anayokuwepo, akiwa na mteja au hana. Dada wa dawa yake ni 5,000, baada ya kutoa dawa, na kwa mwezi inakuwa laki tisa. Wao wenyewe wanaiita "namba yangu", na kila mtu anaijua yake tu.

Mtaniuliza, ya nini kusumbuka na saa? Kwa sababu ya umeme, kwanza. Umeme ukikatika, msusi anasogeza kigoda barazani anaendelea, wala hana habari. Dada wa dawa draya zimelala na maji ya moto hakuna. Mwezi mmoja tulipoteza saa kumi na mbili za umeme. Kwa msusi lengo halikubadilika. Kwa dada wa dawa nilihesabu saa 168 badala ya 180, lengo likashuka kutoka 900,000 hadi 840,000. Aliingiza 855,000. Kwa ubao wa zamani angeitwa mzembe, kumbe alikuwa amevuka.

Na sababu ya pili ni uzazi. Msusi wangu alipojifungua na kumaliza likizo yake ya siku 84, alirudi akiwa ananyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa siku sita za wiki ni saa 12, kwa hiyo wiki yake inabaki saa 33, na mwezi wa wiki nne ni saa 132. Mara 3,500, lengo lake ni 462,000. Ukimpa saa mbili kwa mkono wa kulia halafu ukambakizia lengo la 630,000, umempokonya kwa mkono wa kushoto.

Hapa kuna kosa jingine nililolifanya baadaye, naomba mlisikilize kwa sababu sisi watu wa pwani linatuhusu sana. Aprili 2025 nilikaa na daftari nikalinganisha na Aprili 2024. Nikaona hina na rasta zimeporomoka vibaya. Nikaja asubuhi nimenuna. Binti wa kucha, ndiye anayepaka na hina, akaniambia kwa upole, "Mama, mwaka jana Idi ilikuwa tarehe kumi Aprili. Mwaka huu tumeila mwisho wa Machi." Nikakaa chini. Mwezi wa Ramadhani unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na sisi fujo yetu yote iko kwenye siku kumi za mwisho kabla ya sikukuu. Aprili na Aprili hazikuwa kitu kimoja. Tangu siku hiyo kwenye daftari langu kuna safu pembeni ninayoandika "kumi la Idi", na kama kulikuwa na mwali anatolewa mtaani, maana mwali mmoja anakuletea mama, mashangazi na mabinamu kwa siku mbili mfululizo. Minada ya korosho naiandika vilevile. Lengo la Novemba silitoi kwenye Agosti, nalitoa kwenye Novemba iliyopita.

Tuje kwenye kugombania wateja. Lengo la mtu binafsi, hata likiwa la haki namna gani, bado linaweza kuwapeleka mlangoni kuvutana. Dawa yake kwangu imekuwa daftari la zamu. Mteja akija akamtaka mtu kwa jina, anaenda kwake, na zamu ya mtu huyo haipotei. Mteja asiye na mtu wake anaenda kwa mwenye zamu, katika wale wanaoiweza kazi anayoitaka. Ila kuna shimo hapo, na wasichana walilikuta ndani ya siku tatu. Ukipangiwa mteja wa kuosha nywele tu, elfu tano, zamu yako imeisha, na mwenzako nyuma yako anapata ya elfu ishirini. Wakaanza kujificha chooni zamu yao ikikaribia mteja wa kuosha. Tukakubaliana, kazi ya chini ya elfu nane haili zamu. Unaifanya, unabaki palepale juu ya orodha. Chooni kukawa kweupe.

Na kichwa kinachosukwa na wawili, pesa yake inagawanywa kwa saa walizoshika. Msusi saa nne, msaidizi saa mbili, ile elfu thelathini inaandikwa ishirini na kumi. Hiyo peke yake ilirudisha mikono ya msaada ndani ya wiki mbili.

Kisha nikaweka lengo la pamoja. Ukijumlisha malengo ya wote wanne kwangu, msusi 630,000, dawa 900,000, kucha na hina 500,000, na binti mdogo anayeosha na kuseti 350,000, unapata 2,380,000. Hilo ndilo lengo la saluni, na lile tu ndilo lililoandikwa ukutani. Tukivuka, theluthi moja ya ziada ni yao, wanagawana sawa kwa sawa, msusi mkuu na mwosha nywele. Mwezi mmoja tuliingiza 2,620,000. Ziada 240,000, theluthi yake 80,000, kila mmoja akaondoka na elfu ishirini. Kamisheni ya kila mtu kwa kazi yake iko palepale, hii ni juu yake. Binti mdogo siku ile alifua taulo zote kabla hajaambiwa.

Mama mmoja pale nyuma amenyanyua mkono. (Aliuliza: je, mvivu hatajibanza nyuma ya wenzake?) Atajibanza, mama, na wangu alijibanza. Ndiyo maana zipo namba mbili, ya pamoja na ya mtu. Ya pamoja inazungumzwa mbele ya wote, ya mtu inazungumzwa faragha. Mvivu hujulikana kwenye namba yake mwenyewe, wala huhitaji wenzake wamsute.

Hiyo faragha ndiyo tathmini, na tathmini ndipo wengi tunapoharibu. Mimi nilikuwa nafanya mbele ya kioo, mteja yuko kwenye draya anajifanya hasikii. Siku hizi ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi asubuhi, wateja wachache, kwenye baraza ya nyuma, mtu mmoja kwa nusu saa. Daftari katikati yetu. Yeye anaanza kusema, mimi nasikiliza. Naangalia vitu vitatu tu: namba yake kwa saa, kazi alizorudia bure, na wateja waliorudi kwake.

Hao wateja wanaorudi wahesabuni kwa akili. Rasta zinakaa wiki sita mpaka nane, na anayeweka dawa ukimrudisha kabla ya wiki nane unamharibu. Ukihesabu nani karudi ndani ya mwezi, msusi wako mzuri kuliko wote atakuwa na sifuri. Mimi nahesabu miezi mitatu kwa nywele, mwezi mmoja kwa kucha.

Kuhusu kazi za kurudia, niwape kisa kimoja nikiwa nacho kamili. Binti wa kucha mwezi mmoja alianguka. Alipaswa kufika 500,000, akaleta 390,000. Katika kazi 41 za kucha za jeli, alirudia saba bure. Kwa kawaida anarudia moja au mbili. Wiki ile nilikuwa nimeshajiandalia hotuba ya kumkaripia, nasema huyu kapata mchumba, akili haiko kazini. Nashukuru nilimwacha aanze yeye. Akafungua daftari, akaniwekea kidole kwenye tarehe. Zote saba zilikuwa baada ya tarehe tisa. Kabla ya hapo, hata moja. Mtu hawi mzembe kuanzia tarehe tisa saa nne asubuhi. Tukaenda kuitazama taa ya kukaushia jeli. Balbu mbili za upande wa kushoto zimekufa. Jeli inakauka juu, chini mbichi, siku ya tatu inabanduka kama gamba la samaki, na mara nyingi ni kidole gumba. Alikuwa ameniambia mara moja kwamba taa "haina nguvu", nami nikamjibu nitaona.

Kwa hiyo zile kazi saba niliziandika upande wangu, na mwezi ule lengo lake nikalihesabu bila muda alioutumia kuzirudia. Na sasa kila tathmini, kabla sijauliza mkono wa mtu, nauliza kifaa.

Akiwa ni mkono kweli, yaani kifaa kizima, zamu zilikuwa za haki, na bado namba iko chini na kazi zinarudiwa, basi tunaandika pamoja jambo moja la kurekebisha, moja tu, na nani atamfundisha. Dada wa dawa ndiye aliyemfundisha binti mdogo kuhesabu muda wa dawa, na saa za kufundisha zinatolewa kwenye saa zake za lengo, asije akapata hasara kwa wema wake. Tunapeana miezi miwili. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya sheria ile ya ajira, zinataka hivyohivyo: mfanyakazi ajue kiwango anachotakiwa, aelekezwe, na apewe muda wa kujirekebisha kabla hujafikiria kumwondoa. Na wale ndugu zangu mnaokata mshahara kwa sababu mtu hakufikisha lengo, acheni. Mshahara haukatwi kienyeji. Kukosa lengo kunamkosesha mtu bonasi, basi.

Limebaki jambo moja, nalo nililijifunza kwa kuibiwa kistaarabu. Mwanzoni, mtu akivuka lengo, mwezi unaofuata nilikuwa nampandishia. Dada wa dawa akafika laki tisa na nusu, nikampa lengo la laki tisa na nusu. Mwezi uliofuata, tarehe ishirini na saba, nikamsikia kwenye simu anamwambia mteja, "Njoo tarehe mbili, dada, hizi siku dawa imeisha." Dawa ilikuwa imejaa kabatini. Alikuwa ameshafika, na anajua akizidisha nitampandishia tena, basi anamhifadhi mteja wa mwezi ujao. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile. Tangu hapo lengo likishawekwa linakaa miezi mitatu bila kuguswa, hata akivuka mara mbili. Ukitaka kujua kama wako wanafanya hivyo, fungua daftari utazame siku nne za mwisho wa mwezi na siku nne za kwanza za unaofuata. Kama mwisho pakavu na mwanzo pamefurika, mwezi baada ya mwezi, na hakuna sikukuu wala mshahara wa kuelezea, unajua.

Hesabu hizi zina mpaka wake. Kwenye saluni ya watu wawili, lengo la pamoja na la mtu ni kitu kimoja, msijisumbue. Daftari la zamu na kikao cha baraza vinatosha. Na wale ambao wasusi wao wanakodi kiti na kulipa hesabu ya siku, hao si wafanyakazi wenu wa kuwekewa tageti. Mlichonacho nao ni makubaliano ya kiti.

Nimekuja na daftari langu la mwezi uliopita, majina nimeyafunika kwa karatasi na gundi. Litazunguka kuanzia mstari wa mbele, nakilini safu mnazozitaka. Ila naomba lirudi kwangu kabla hatujatawanyika, kesho saa mbili asubuhi lina kazi.